Ufuo wa Faragha

Niliporudi Kwale na diploma ya uandishi wa habari, niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza viazi karai jijini, sikuona kama redio ya Ukunda iliyoniajiri ilinistahili. Mhariri wake alijua mambo mawili: kukohoa kabla ya kusema, na kuwaogopa wenye matangazo.

Hoteli moja ya Diani ilikuwa imefunga kwa lango njia ya kushukia baharini. Kinamama wa kuchokoa pweza walizungushwa mbali mpaka maji yakajaa, wakarudi na ndoo tupu. Niliwarekodi. Nikaenda afisi ya ardhi, nikaonyeshwa ramani: njia ni ya umma. Nikampigia meneja, nikamwandikia maswali. Hakunijibu. Alimpigia mhariri wangu, kwa kuwa hoteli yake ndiyo iliyodhamini taarifa yetu ya saa saba.

"Mwanangu, habari hii ishike kwanza," mhariri akaniambia.

Pale kwetu hakuna habari iliyoambiwa "ishike" ikaonekana tena. Hakuthubutu kusema "iue". Hata uoga wake ulikuwa na uoga.

"Niishike mpaka lini?"

"Upande wa pili haujasikika. Si ndivyo mlivyofundishwa huko kwenye diploma?"

"Tulifundishwa kuwapa nafasi ya kujibu. Nimewapa. Asiyejibu, tunasema hakujibu. Tena huu upande wa pili, mzee wangu, unasikika kila siku kwa sauti yako."

Nikamchezea tangazo la hoteli. Alilisoma mwenyewe kwa mbwembwe: "Karibuni kwenye ufuo wetu wa faragha, msikosumbuliwa na mpita njia!"

Fundi mitambo akacheka. "Bosi, umetoa ushahidi kabla ya kuitwa."

"Hilo ni tangazo, si habari!" Akakohoa. "Na wewe, mshahara unalipwa na nani? Pweza?"

"Basi niandikie kwamba umeizuia."

Aandike? Mtu yule hakuandika hata jina lake chini ya habari za mvua. Badala yake aliingia studio akalisoma tangazo upya, akaliondoa neno "faragha" pamoja na mpita njia wake. Aliufuta ushahidi hewani, mbele ya wasikilizaji wote, akajiona mjanja.

Nilikuwa nimelirekodi la kwanza kutoka redioni nyumbani, kama msikilizaji yeyote. Jioni nikalirekodi la pili. Nikaacha kazi, nikayapeleka yote kwenye redio moja ya Mombasa, pamoja na sauti za kinamama na maswali yasiyojibiwa. Huko hawakuniambia nishike kitu. Wakampigia meneja upya, akakataa kusema, wakatangaza hivyo, kisha wakacheza matangazo mawili, moja baada ya jingine.

Lango likafunguliwa wiki hiyohiyo.

Nilikutana na mhariri sokoni Ukunda. Nikampa shikamoo, maana mimi nina adabu.

"Marahaba. Umetuponza, mwanangu. Hoteli imejitoa."

Pembeni yake mama mmoja alikuwa akiuza pweza, wabichi kabisa.

"Pole," nikamwambia. "Nunua pweza. Umshike kwanza."