Mvi za Dada na Chupa ya Namba Arobaini

Wifi yangu hajawahi kusoma karatasi ya maelekezo, hata ya dawa ya kikohozi, lakini kwenye mambo ya nywele anajiona profesa. Siku ile alituingilia nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Kizwite, na chupa kwapani.

Dada alikuwa na boksi lake la rangi nyeusi. Kesho yake ilikuwa sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na baba wa binti, aliyemwacha dada akahamia Mazwi kwa msichana, angekuja na huyo msichana. "Sitaki anione nimezeeka," dada akasema, machozi yakimlengalenga. Iliniuma sana.

"Dawa ya kuchanganyia ya kwenye boksi ni namba ishirini, maji matupu," wifi akasema. "Hii yangu ya arobaini ndiyo inakoleza."

Eti inakoleza! Namba kubwa inafungua rangi ya nywele, yaani inaipausha, na mvi za dada zilitaka kufunikwa tu, ishirini inatosha. Tena nywele zenyewe zilikuwa zimeshatiwa dawa ya kulainisha. Ngozi tulishaijaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla, haikuwasha. Nikasema sasa tujaribu nywele.

"Uoga huo," wifi akacheka.

Nikakata vishungi viwili vidogo kisogoni. Kimoja nikakipaka mchanganyiko wa wifi, cha pili wa boksi, tukangoja muda ulioandikwa, nikasuuza na kukausha. Cha boksi kilikuwa cheusi, nikakivuta kikavutika. Cha wifi kilikuwa na wekundu wa kutu, nikakivuta kikakatika.

"Hukusuuza vizuri," akasema. Jamani! Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikampa kazi ya kupaka mafuta ya mgando pembeni mwa uso, rangi isishike ngozi, nikidhani hapo hataharibu. Akayapaka mpaka juu ya mvi zenyewe! Rangi haishiki kwenye nywele zenye mafuta. Nikazifuta, nikamnyang'anya kopo. Nikayapaka kwenye ngozi tu, paji na masikio, nikavaa glavu, nikapaka mchanganyiko wa boksi, na kila tone lililodondoka nikalifuta papo hapo kwa pamba yenye maji. Dada akatoka na nywele nyeusi tii, paji safi.

Kesho yake yule bwana akaingia ukumbini na msichana wake, suti inang'aa. Kumbe naye alijipaka rangi! Paji lote lilikuwa na mstari mweusi, masikio kama yamechovywa kwenye masizi. Wageni wakaanza kukohoa vicheko. Wifi akaniminya mkono, akanong'ona, "Huyo hata mafuta hakupaka." Siku hiyo ndipo alipojua.

Dada akainuka, akamfuata taratibu mbele ya watu, akampa leso yake.

"Jifute, baba. Umechafuka."

Akajifuta, akasugua. Haikutoka.