Pumzi Sita Ndani ya Barakoa

Binti yangu alikuwa na miaka miwili daktari wa hospitali ya wilaya alipotuandikia pampu mbili za kutuliza mapafu, pamoja na spesa, yaani kopo refu la plastiki lenye barakoa ndogo mwishoni.

"Hii ni asubuhi na jioni, hata akiwa mzima," alisema. "Akibanwa kifua, mpe ile nyingine ya bluu."

Tukarudi nyumbani Sepuka. Kila nikimsogezea barakoa, mtoto alilia na kugeuza kichwa. Mama mkwe alikuwa akiniita kutoka uani, "Mwache mtoto apumue!" Nami nilimwonea huruma. Nikawa naishika karibu na mdomo tu, nabonyeza, naomba Mungu dawa ifike. Nilifanya hivyo mwezi mzima bila kuruka siku, na kikohozi cha alfajiri kikabaki palepale. Mama mkwe akaanza kusema dawa hii haimfai mjukuu wake.

Siku ya kliniki tulikwenda wote, mimi, mtoto na mama mkwe. Nesi hakuuliza kama nilikuwa natoa dawa. Alisema tu, "Mama, nionyeshe unavyompa."

Nikaonyesha. Mtoto akalia, nikabonyeza, na ukungu mwembamba ukatoka kando ya shavu lake. Mimi, mama mkwe na nesi, wote tuliuona.

"Imeishia hewani," nesi alisema kwa upole. "Na mtoto akilia, inayofika kifuani ni kidogo sana. Na huu wekundu kando ya mdomo unatokana na dawa inayobaki usoni. Unamfuta uso ukimaliza?"

Nilikuwa simfuti.

Mama mkwe akanyoosha mikono. "Nipe huyo mtoto."

Akampakata, mgongo wa mtoto ukiegemea kifua chake. Akamwachia aichezee barakoa, aiweke gotini, kisha shavuni, mpaka akatulia. Nesi akatikisa pampu, akaichomeka kwenye kopo, akaikaza barakoa juu ya pua na mdomo bila kuacha mwanya, akabonyeza mara moja. Kilango kidogo ndani ya kopo kikawa kinafunguka na kujifunga kila mtoto alipovuta pumzi. Mama mkwe alihesabu kwa Kinyaturu, taratibu, hadi sita. Ndipo nesi akaiondoa. Akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji, akamnywesha maji kidogo.

Njiani nilimwambia mama mkwe ukweli: nilijua barakoa haigusi uso, ila niliogopa kumlazimisha.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakupigia kelele umwache," akasema. "Mwanangu, tulikosea wote."

Kikohozi hakikuisha kwa siku moja. Kilipungua wiki baada ya wiki, mpaka asubuhi moja nikagundua nimeamka kwa sauti ya majogoo tu. Nililala pale nikisikiliza pumzi ya mwanangu, nikifikiria jinsi huruma yangu ilivyomchelewesha kupona, na jinsi nilivyoona aibu kumwambia mtu yeyote kwamba sijui kumvisha barakoa bila kumliza.