Nusu Boneti ya Mama Povu

Mama Povu, mama yangu mzazi, anaosha magari tangu sijazaliwa, na ubishi wake hakuna sabuni inayoutoa. Nilimwandikia maneno ya kusema kwenye video ya kutangaza kazi yake: “Gari lako litakuwa jipya!”

“Jipya? Kwani mimi kiwanda?”

Akabandika utepe katikati ya boneti ya teksi ya baba, iliyojaa vumbi. Akaosha upande mmoja tu, akaukausha, akaupiga polishi. Alipobandua utepe, nusu iling'aa, nusu ikabaki na vumbi lake. Kisha akagusa mkwaruzo kwenye upande safi, simu yangu ikirekodi.

“Huu umefika kwenye bati. Hautoki.”

“Mama, umeniharibia video!”

Niliirusha mtandaoni hivyo hivyo. Siku hizi wateja wanamwonyesha mikwaruzo ya magari yao kwanza. Akisema inatoka, wanamwachia funguo.