Alama Saba za Mtu wa Pampu

Miaka ile ya hamsini, mfanyakazi wa mgodi hakuhesabu mwezi. Alihesabu kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku uliyofanya kazi karani alitia alama kwenye chumba kimoja, na vyumba vyote vikijaa ulikwenda dirishani kulipwa. Aliyefanya kazi mfululizo alikimaliza mapema. Aliyekwenda kulima au kunywa pombe alikaa nacho hata wiki sita. Mimi nilikuwa karani wa saa katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Kewanja, na alama hizo zilitoka kwenye penseli yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza darasa la kumi. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika huko, na nilihakikisha hakuna anayesahau. Nilivaa soksi ndefu. Wazee waliponijia dirishani niliwaacha wasimame kidogo kabla ya kuinua macho.

Mzee mmoja sikumfanyia hivyo, kwa sababu alikuwa rika moja na baba yangu. Kwetu Wakurya mtu wa rika la baba yako ni baba yako pia, nami nilimwita Tata. Alitoka Nyanungu, na kazi yake ilikuwa kuangalia pampu ya kutoa maji shimoni, zamu ya usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mura. Umekula, au umeshiba karatasi?"

Kila asubuhi alinitania hivyo. Mura kwetu ni kijana wa kiume, lakini namna alivyolitamka ilikuwa kama kunishika bega.

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa kali. Mwenzake wa zamu ya asubuhi alitoka Kenyamonta, ng'ambo ya mto Mara, na mto ulipojaa hakuna aliyevuka. Pampu nayo haiachwi. Ikisimama nusu siku, maji yanapanda na watu wa chini hawana kazi. Basi mwenzake asipofika, Tata alibaki palepale mpaka saa nane mchana, alipokuja mtu wa zamu ya tatu. Saa kumi na sita, macho mekundu, nguo zinanuka dizeli.

Mkataba wake niliujua, kwa maana nakala yake niliiandika mimi. Shilingi arobaini na nane kwa kipande cha siku thelathini. Siku ni saa nane. Kila saa inayozidi inalipwa mara moja na nusu. Na kila zamu ya usiku ina nyongeza ya senti ishirini na tano. Ili kulipa saa za ziada, karani wa saa alitakiwa kuzitoa kwenye karatasi ya saa, kujaza fomu ya pekee, na kuipeleka kwa meneja aitie sahihi. Meneja alichukia fomu hizo. Aliyezipeleka aliulizwa maswali kana kwamba pesa anazitoa yeye mfukoni.

Kwa hiyo nilipata njia fupi. Asubuhi ya kwanza mwenzake aliposhindwa kuvuka, Tata alipokuja mchana na kipande chake, nilikitia alama mbili.

"Mura, mbona mbili? Jana ilikuwa moja tu."

"Umefanya kazi ya watu wawili, Tata. Nimekupa siku mbili. Kipande kitajaa upesi."

"Na ni halali?"

"Karani ni nani hapa?"

Akacheka, akakitia kipande ndani ya kofia yake, akaenda kulala. Nilifurahi siku nzima. Niliona nimemfanyia baba yangu jambo. Kwenye karatasi ya saa niliandika ukweli, saa nne usiku hadi saa nane mchana, halafu nikaifungia kabatini bila kuihamishia kwenye fomu yoyote. Nilifanya hivyo mara saba katika kipande kile. Nyongeza ya usiku pia sikuijaza, kwa kuwa ilikuwa kwenye fomu ileile.

Tata alikuwa na haraka na pesa hizo. Mwanawe alikuwa ameoa, ng'ombe wote wa mahari wakaisha kulipwa isipokuwa mmoja. Wakwe walichoka kungoja, wakamchukua binti yao akiwa mjamzito, wakasema atarudi ng'ombe wa mwisho akifika zizini kwao. Tata alikuwa ameweka akiba sehemu kubwa ya bei ya mtamba, na kipande kile ndicho kingemalizia. Mnada ulikuwa Jumamosi, naye aliwapelekea wakwe neno kwamba siku hiyo atanunua. Jambo hili alinieleza mwenyewe, ameegemea dirisha langu, akihesabu miezi ya mimba kwa vidole.

Ijumaa kipande kikajaa. Foleni ya malipo ilikuwa ndefu. Karani mkuu alikuwa ndiye mwenye pesa, nami nilikaa pembeni yake nikisoma majina. Alikishika kipande cha Tata, akakigeuza, akatazama tarehe kilipofunguliwa, kisha kalenda ya ukutani.

"Hiki kimefunguliwa siku ishirini na saba zilizopita," akasema kwa sauti. "Jumapili nne umepumzika. Siku za kazi ni ishirini na tatu. Humu mna alama thelathini. Mzee, hizi saba umezitoa wapi?"

Kijana mmoja wa foleni akadakia, "Kumbe kwenye pampu jua linachomoza mara mbili!"

"Basi na mke wake anazeeka mara mbili!" akasema mwingine. Watu wakacheka.

Tata hakucheka. Aliniangalia. Hakuninyooshea kidole wala hakutaja jina langu. Alingoja tu, kama mtu aliyekwisha kuita na anajua aliyeitwa yupo nyumbani.

Karani mkuu naye akanigeukia. "Hizi alama ni zako?"

Nilijua maana yake. Alama ya siku ambayo haikuwapo ni wizi, na karani aliyeitia hufukuzwa siku hiyohiyo. Niliona soksi zangu, na chumba changu cha bati, na baba yangu akisikia. Nikasema, "Penseli huwa inabaki hapa dirishani."

Ilikuwa kweli. Penseli ilibaki pale, imefungwa kwa uzi. Sikusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililonifariji jioni ile, na ndilo linaloniunguza mpaka leo.

"Ahaa," karani mkuu akasema. Akakiweka kipande kando. "Mzee, hutalipwa. Mkaguzi wa kazi wa serikali anakuja Jumatano. Atasema kama unafukuzwa tu au unapelekwa bomani."

Tata akavaa kofia yake iliyokuwa tupu. "Nimesikia," akasema. Aliondoka akipita kati ya wale waliocheka, nao wakampisha njia kama anavyopishwa mwenye ukoma. Jumamosi mnada ulipita.

Mkaguzi alikuwa Mwafrika, mtu mfupi, mwenye baiskeli yenye tope hadi kwenye tandiko. Hakuanza na kipande. Alimwuliza Tata, "Siku hizo saba ulikuwa wapi?" Tata akajibu, "Kwenye pampu. Mto ulijaa." Basi mkaguzi akaagiza karatasi za saa.

Nilizitoa kabatini kwa mikono yangu. Akanikalisha mezani mbele ya karani mkuu na Tata, akasema, "Wewe umesoma. Soma, na ukokotoe kwa sauti tusikie wote."

Nikasoma. Zamu ishirini na tatu, zote za usiku. Kati ya hizo, saba ziliendelea hadi saa nane mchana.

"Saa nane zile za pili ni siku mpya?" mkaguzi akauliza.

Nikafunua karatasi iliyofuata.

"Alilala katikati?"

"Hapana, bwana."

"Basi si siku mpya. Ni saa za ziada za siku ileile. Endelea."

Arobaini na nane kugawanya kwa thelathini: shilingi moja na senti sitini kwa siku. Kugawanya kwa nane: senti ishirini kwa saa. Mara moja na nusu: senti thelathini. Saba mara nane, saa hamsini na sita. Kwa senti thelathini, shilingi kumi na sita na senti themanini. Siku ishirini na tatu za kawaida, shilingi thelathini na sita na senti themanini. Nyongeza ya usiku ishirini na tatu, shilingi tano na senti sabini na tano. Jumla, shilingi hamsini na tisa na senti thelathini na tano.

Karani mkuu akakohoa. Mkaguzi akakitazama kipande, kisha karatasi zangu, kisha mkono wangu ulioshika penseli.

"Kwa hiyo aliyetia alama hizi saba hakumwongezea kitu," akasema taratibu. "Alimpunguzia. Kwa kipande angepata arobaini na nane. Kumi na moja na senti thelathini na tano zingebaki humu mgodini. Mzee si mwizi. Ameibiwa. Nani alizitia?"

Hapo palikuwa na nafasi ya pili, nayo ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, kwa sababu kila mtu chumbani alikwisha kujua. Nikatazama meza. Karani mkuu, ambaye naye hakutaka sifa mbaya ya ofisi, akasema, "Tuandike ni kosa la ofisi." Mkaguzi alichovya kalamu, akaningoja. Mwisho akaandika hivyo.

Tata alilipwa zote palepale. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akaweka alama yake. Nikamfuata nje hadi kwenye ngazi.

"Tata, nilitaka kukusaidia."

"Najua. Zile mbili ulizonipa, ulinipa kwa moyo." Alikuwa akifunga pesa kwenye pindo la shuka. "Neno la penseli je, hilo nalo ulilitoa kwa moyo?"

Akakaza fundo la shuka.

"Asante, Bwana Karani," akasema.

Mtamba alimnunua mnada wa mwezi uliofuata. Lakini mtoto hakungoja mnada. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa uani kwa watu wengine, akapewa jina la upande ule, na mama yake aliporudi jina lilirudi naye. Baba yangu alilisikia jambo lote kwa watu wa rika lake, si kwangu. Hakuniuliza. Aliacha tu kunisifu mbele ya wageni.

Nilifanya kazi pale miaka miwili zaidi. Mto ulipojaa tena na mwenzake wa Kenyamonta akakwama, Tata alikuja dirishani saa nane mchana, macho mekundu kama zamani. Sikutia alama mbili. Nilichukua fomu.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, Bwana Karani. Andika saa zangu."

Nikaandika. Hakuondoka. Alimwita kijana wa kugawa taa za shimoni aliyekuwa akipita, mtu wa darasa la nne tu, akamwambia aingize kichwa dirishani asome nilichoandika. Kijana akasoma kwa kusitasita: saa nane za kawaida, za usiku, saa nane za ziada. Tata akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala.

Alifanya hivyo kila mara, mpaka siku niliyoacha kazi.