Maiki Mbili za Mwajabu

Dada yangu Mwajabu alikuwa mbishi tangu tumboni, na ugonjwa haukumpunguzia kitu. Ulipomnyang'anya pumzi ukamwachia ubishi, basi tukahangaika naye hivyo hivyo pale Tandika.

Alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo. Mashine zile zilimla masikio, mpaka ukitaka akusikie lazima upaze sauti. Lakini jioni alikuwa mwimbaji wa kikundi cha utamaduni cha kiwanda, na hapo hakuna aliyemgusa. Viongozi walikuwa wakija wanaletewa Mwajabu aimbe. Kisha kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa, kikundi kikafa, na yeye akarudi nyumbani kukaanga maandazi. Mumewe alikuwa ameshatangulia. Akabaki na Farida, mtoto wake mmoja.

Farida akapata mchumba, Suleiman, kijana wa Mtoni anayefanya kazi Maskati. Akaja likizo, posa ikapokelewa, na ikapangwa kwamba baada ya ndoa waondoke wote. Kama ada yetu, Farida akawekwa ndani kwa kungwi wake, Bi Hamisa, kule Mbagala, asionekane na jua wala na watu. Siku anaingia ndani mama yake alikuwa anakohoa tu. Farida akasema mbele yetu sote, "Mama, nikitoka huko nikakukuta hujapona, siendi popote. Suleiman ataoa mwingine." Na mie namjua, kwa ubishi kamrithi mama yake.

Huku nyuma ndipo majibu ya hospitali yakatoka. Uvimbe kwenye pafu, tena umeshasambaa. Daktari akaniita pembeni, lakini Mwajabu akamwambia amwambie yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa. Akaambiwa. Tulipofika nyumbani akanikamata mkono.

"Zubeda, Farida asijue mpaka afike Maskati."

"Atakuona, dada. Umekwisha kama fagio la chelewa."

"Ataniona dakika mbili akija kuaga, kwenye giza. Kabla ya hapo atanisikia. Siku ya singo, akiletwa hapa kusuguliwa manukato, nitamwimbia."

Nikamwambia amechanganyikiwa. Mtu hamalizi sentensi moja bila kuhema, anataka kuimba. Akaninunia siku nzima. Nilikasirika nikaenda uani kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ila alikuwa ameshapiga hesabu zake. Suleiman alileta zawadi ya mkwe kutoka Maskati, mashine ya karaoke isiyo na waya. Spika moja kubwa, mashine yenyewe ya kutia kaseti, na maiki mbili ambazo unazishika tu mkononi, hazina mkia. Vitu hivyo tulikuwa tukivisikia viko kwenye mabaa ya Sinza. Sie boksi lilikaa uvunguni, hakuna aliyejua kulifungua. Na kwetu mama mzazi hakai kwenye singo la bintiye, ni haya. Kwa hiyo kubaki kwake chumbani kusingemshangaza mtu. Angeimba kitandani, sauti itoke uani.

Tukamwita Leodegar, fundi redio wa pale sokoni, mtu wa Ndanda, mpole mpaka anaudhi. Alikuja asubuhi ya siku ya singo, kwa sababu singo ni la wanawake na ikishafika saa ya shughuli mwanamume hakanyagi uani. Akatia betri za mraba kwenye maiki, akazinyanyua antena mbili za mashine, akaiweka mashine mezani chini ya dirisha la Mwajabu ili mawimbi yasisumbuliwe na ukuta. Kila maiki ina njia yake, akasema, msizichanganye. Ya dada akaifunga utepe mwekundu, ya kwangu wa bluu, maana mie ndiye ningepokea kiitikio.

Nikaijaribu yangu. Nikasimama mbele ya spika nikasema halo, ikalia mlio wa kukereketa mpaka kuku wa jirani wakaruka.

"Usisimame mbele ya spika, mama," akasema Leodegar. "Sauti inatoka kule, inaingia tena kwenye maiki, inazunguka. Kaa nyuma yake."

Akaigeuza spika iangalie mikekani, mgongo uelekee nyumba. Kisha akaingia chumbani kumjaribu dada. Mwajabu akaimba mstari mmoja. Ilitoka sauti ya mtu anayezama. Mie nikatazama chini.

Leodegar akatoka, akashika kitufe cha upande wa kulia, kile cha mwangwi, akakizungusha taratibu. "Mwambie aimbe tena. Maneno mawili, apumzike. Maneno mawili, apumzike. Na aibandike maiki mdomoni."

Safari hii neno lilitoka likajirudia, likajirudia tena, na likiwa linafifia Mwajabu anavuta pumzi. Hakuna aliyeisikia ile pumzi, mwangwi ulikuwa umeifunika. Leodegar alikipunguza kidogo, maana ukizidi maneno yanagongana, kisha akakiacha pale. Nikasikia sauti ya dada yangu ya kiwandani, nikalia. Sioni haya kusema.

"Kushoto kabisa ni sauti ya maiki nyekundu," akaniambia. "Kinachofuata ni ya bluu. Kulia ni mwangwi. Wimbo ukiisha, dada yako aizime maiki palepale mkononi mwake. Akisahau, wewe punguza cha kushoto." Akakusanya bisibisi zake akaenda.

Baada ya alasiri wanawake wakajaa. Bi Hamisa akamleta Farida amefunikwa kanga gubigubi, akakalishwa mkekani, wakaanza kumsugua singo mikono na miguu. Mwali haongei wala hafunuliwi mpaka kungwi wake amfunue. Chumbani na Mwajabu tulimweka Mauwa, jirani yetu, amshikilie mgongo. Nikatia kaseti ya muziki mtupu, nikakaa nyuma ya spika kama nilivyofundishwa.

Akaanza. Wimbo wake mwenyewe, aliutunga kitandani.

*Nenda mwanangu salama,*
*mie nyuma sina neno.*

Jamani, uwanja ulitulia. Bibi mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani akasimama akafungua pindo la kanga, akaja kumtuza, akakuta hakuna mtu wa kumtuza, akaibandika noti yake kwenye dirisha lililofungwa. Mie nikaitikia kwa maiki yangu, wenzangu wakaitikia kwa midomo. Chini ya kanga niliona mabega ya Farida yanacheza. Alikuwa anatikisa kichwa kufuata ngoma. Nikasema moyoni, dada, umeweza.

Wimbo ukaisha, kaseti ikafika mwisho, vigelegele vikapigwa vikaisha. Ndipo spika ikaanza kuhema.

Hakuwa ameizima. Kumbe kachoka, kaiangusha kifuani. Pumzi moja ikatoka ikajirudia mara tatu nne, kama kuna wagonjwa wengi chumbani. Wanawake wakatazamana. Mie nikarukia mashine. Kushoto kabisa, nikakumbuka, nikashika cha kushoto nikakizungusha mpaka mwisho.

Asubuhi nilifundishwa nikiwa mbele ya meza, sasa nilikuwa nyuma yake. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwa mashine. Nilichokiua ni mwangwi.

Sasa ikatoka pumzi yenyewe, moja moja, kavu, yenye mikwaruzo, wala hakuna cha kuifunika. Na baada yake sauti ya dada yangu ile ya kweli.

"Mauwa. Kasadiki?"

Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

"Nauliza, Farida kasadiki kuwa mie mzima? Maana mwezi huu siumalizi, daktari kasema. Lakini akijua hatoki hapa, atakaa anitazame ninavyokufa, na yule kijana atakwenda zake."

Ikasikika mtu anakurupuka, kisha kacha, kimya. Mauwa alikuwa ameisikia sauti ikitoka nje, akamnyang'anya maiki akaizima. Mwajabu mwenyewe hakusikia kitu. Masikio yake yalikuwa yakipokea ngoma na vigelegele, mazungumzo ya chini hayafiki.

Bi Hamisa alikuwa bado na singo kiganjani. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwona Farida ametoa mkono nje ya kanga, umejaa unga wa manjano, anapapasa mpaka akaupata mguu wangu. Akanivuta nikainama.

"Mama mdogo."

"Naam, mwanangu."

"Rudisheni kaseti. Pigeni vigelegele, vikubwa, avisikie."

"Farida..."

"Mama asijue kama nimesikia. Niapie."

Nikaapa. Ningefanyaje? Nikamtazama Bi Hamisa, naye akawageukia wanawake, akainua mkono. Wakapiga vigelegele huku machozi yanawatoka, sijapata kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena. Farida chini ya kanga alikuwa anatetemeka mwili mzima, na wanaomsugua wakaendelea kumsugua.

Nikaingia chumbani. Mauwa alikuwa ameukabili ukuta. Dada yangu kalala, jasho linamtiririka, anacheka.

"Kasadiki?"

"Kasadiki," nikamwambia kwa sauti kubwa. "Husikii mwenyewe?"

"Nasikia. Sauti yangu je?"

"Ile ile."

Kesho yake ndoa ikafungwa. Keshokutwa yake Farida akaja na mumewe kuaga, gari linangoja barabarani. Tulikuwa tumemkalisha Mwajabu kwenye kiti, dirisha limefungwa, kanga mbili mabegani, wanja machoni. Farida akapiga magoti, "Shikamoo mama," akambusu mikono. Alikuwa amejipamba, anang'aa. Akasimulia ndege, akasimulia nyumba ya Maskati yenye bafu ndani, akamtania mama yake kwamba ile sauti imewatia wivu wanawake wa Tandika nzima. Alicheka sana. Mwajabu akawa anaitikia kwa kichwa ili asikohoe. Kisha Farida akasema wanachelewa, akainuka, akatoka. Nilimsindikiza. Mlangoni kwa gari alinishika bega kwa nguvu, akaingia. Hakugeuka nyuma, na mie nilijua kwa nini.

Niliporudi Mwajabu alikuwa bado kitini.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka."

"Nilimwona ana furaha."

"Ana furaha, dada."

Wanja ukaanza kumtiririka mashavuni.

"Zubeda," akasema, "mie nililia siku ya kumwacha mama, na alikuwa haumwi. Mtoto wangu ndiyo hata chozi moja? Pale kwa gari je, hakulia?"

Maneno yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nimeapa. Wale wanawake wote wa uani, Tandika hii isiyoweka siri, walikuwa wamefunga midomo yao kwa ajili ya yule mtoto, nami ndiye mama yake mdogo.

"Hakulia," nikamwambia.

"Basi ndivyo nilivyotaka," akasema dada yangu, akaomba nimlaze.