Mabao Mawili Baada ya Mapumziko

Kibanda cha kubeti nilichokuwa nikifanyia kazi kilikuwa Lushoto mjini, kwenye mteremko wa kuelekea sokoni. Ukiingia unakuta televisheni mbili, mabenchi ya mbao, na mimi dirishani nyuma ya nondo, nimevaa sweta na kitenge juu yake. Baridi ya kule mnaijua. Wateja wangu walikuwa wakulima na wapakiaji wa mboga. Wakishauza kabichi zao wanakuja kuweka mkeka, yaani karatasi ya kubeti, na mkeka ukichanika, wakikosa, wanautupa sakafuni, halafu nafagia mimi.

Yeye alikuwa mkulima wa karoti. Alikuwa akipanga foleni dirishani kwangu hata kama watu hawapo, anasimama mbele yangu kama anayesubiri cheti cha hospitali. Mwanzoni aliniita dada. Baadaye akaacha, akawa ananiita "mhasibu", maana nina mdomo na napenda hesabu, na sikuwahi kumpa karatasi yake bila kumsema kwanza.

Nilimsema kwa sababu ya kitu kimoja. Kila Jumamosi alibeti hafutaimu-fulutaimu. Kwa asiyejua: hapo hautabiri matokeo ya mwisho peke yake, unatabiri na ya mapumziko pia, na vyote viwili lazima vitokee. Mapumziko mwenyeji anaweza kuwa anaongoza, au sare, au anafungwa. Mwisho vilevile. Tatu mara tatu, tisa. Yeye katika hizo tisa alipenda moja tu: mwenyeji anafungwa mapumziko, halafu anashinda mwisho. Odi yake ilikuwa ikifika ishirini na tano, yaani ukiweka shilingi moja unapata ishirini na tano.

"Wewe una wazimu," nilimwambia.

"Laki tano, mhasibu," akasema. "Nikiipata namtuma mshenga kwenu kesho yake."

Basi hapo ndipo pabaya. Tulikuwa tunapendana na baba yangu alijua. Baba alishasema mbele ya mama, aje tu na mshenga, waongee, mengine yatafuata polepole. Nilimweleza hivyo si mara moja. Lakini yeye alikuwa na kiburi cha watu wa milimani, hawezi kuingia kwa mkwe mikono mitupu. Alitaka aingie na laki tano mkononi, amwamkie mzee shikamoo na kichwa kiko juu.

Mimi nilichotaka ni aje. Hata na karoti.

Basi Jumamosi moja alikuja na elfu ishirini nzima, nikaona leo simwachii. Dirishani hakukuwa na mtu mwingine. Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, nikamwambia sogea.

"Tuchukue mechi hii ya jioni," nikasema. "Tuseme unataka upate elfu kumi, matokeo yawe yoyote yale. Kwenye kushinda, sare na kufungwa, njia ni tatu. Mwenyeji ana odi moja nukta saba tano, sare tatu na nusu, mgeni nne nukta saba tano. Ukizinunua zote unalipa elfu kumi na mia sita sabini na kitu. Hiyo mia sita na ushee ndiyo ya kampuni."

"Haya."

"Sasa nunua zile tisa zako, upate elfu kumi ileile." Nikabonyeza moja moja mbele yake. Ilifika elfu kumi na mbili, mia tatu sabini na kitu. "Umeona? Mechi ileile, mpira uleule. Huku wanakula mia sita, kule wanakula zaidi ya elfu mbili."

Akakuna kichwa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mlango wanaukata kidogo, na hapa milango ni tisa. Na ile ya odi kubwa ndiyo wanaikata zaidi, maana mtu akiona ishirini na tano haulizi kama ilistahili thelathini na tano. Nani atajua? Kitu chenyewe hakitokei mara kwa mara. Na wao pia kukikadiria ni kazi, kipindi cha pili kinafuata cha kwanza kilivyokwenda, kwa hiyo wanajiwekea nafasi wasije wakaumia. Nafasi hiyo unailipia wewe."

Akajaribu ujanja. Akasema basi anunue njia zote tatu za mwenyeji kushinda: akiongoza mapumziko, akiwa sare, akiwa amefungwa. Nikampigia hesabu. Kupata elfu kumi kwa njia hizo tatu kungemgharimu elfu sita na karibu mia mbili. Kubeti ushindi wa mwenyeji moja kwa moja, elfu tano na mia saba tu. Kitu kilekile kabisa!

Akaniangalia, akatabasamu. "Kwa hiyo mke wangu ananikataza."

Aliniita mke wake. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikasema ndiyo, nakukataza. Akaweka elfu ishirini yote kwenye ushindi wa mwenyeji. Nikamkatia karatasi mwenyewe.

Mnajua kilichotokea. Dakika ya ishirini mwenyeji akafungwa. Mapumziko yakafika hivyohivyo, moja bila. Kipindi cha pili wakarudisha, watu wakasimama juu ya mabenchi, na zikiwa zimebaki dakika chache likaingia la pili. Kibanda kizima kilipiga kelele. Yeye hakupiga. Alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti.

Mpira ulipoisha alikuja dirishani. Nilimhesabia elfu thelathini na tano. Kama angeweka kule kwake ingekuwa laki tano kamili, na sote wawili tulijua bila kikokotoo.

"Hesabu zako zilikuwa sahihi," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Kama angenitukana ningemjibu, ningemtukana na yeye, tungemalizana pale pale. Nilimwambia, "Njoo nyumbani na hiyohiyo." Akasema, "Nitakuja." Wiki ile akashuka Mnazi, kule tambarare chini ya milima, kulima mpunga wa watu, kutoka pale nikasikia yuko mbali zaidi. Mshenga hakuja.

Na hesabu zilikuwa sahihi kweli, nataka hilo lieleweke. Kitu kutokea mara moja hakumaanishi bei yake ilikuwa nzuri. Ningerudishwa dirishani leo ningemwambia maneno yaleyale. Ila nisingemwachia aondoke na ile elfu thelathini na tano. Ningefunga dirisha, nimshike mkono, twende kwa baba usiku haujaingia.

Kibanda kilishafungwa. Siku hizi nauza viazi sokoni, na wanaume wawili wameshaniposa nikakataa, mama ananiuliza unasubiri nini. Namkumbuka jamani. Namkumbuka alivyokuwa anasimama kwenye foleni isiyo na watu.

Namba yake ninayo. Kumpigia hivihivi siwezi, kiburi cha milimani na mimi ninacho. Kwa hiyo kila Jumamosi, nikishafunga meza, natoa simu na kutafuta mechi. Nafungua hafutaimu-fulutaimu, naangalia zile tisa, na kichwa chenyewe kinanijumlishia ninavyopunjwa. Kisha naweka elfu ishirini, mwenyeji afungwe mapumziko, ashinde mwisho. Siku ikitokea nitakuwa na sababu ya kumpigia. Nitamwambia laki tano yako ipo, njoo uichukue kwetu.