Mauzo ya Baada ya Magharibi

Duka letu lilikuwa chumba kimoja cha tope na bati karibu na stesheni ya Dodoma, miaka ile ya Mdachi, reli ikiwa bado ngeni. Letu, maana yake mimi na shemeji yangu, mume wa dada. Mimi niliuza mbuzi wangu wote kule Kondoa kupata fungu langu la mtaji, kwa hiyo duka lile likinitoka nilikuwa sina pa kurudi.

Shemeji aliuza tangu asubuhi. Jua likizama alihesabu fedha zilizomo kashani, akaandika salio daftarini, akapiga mstari, akafungua ukurasa mpya na kuandika salio lile juu yake. Kisha alikwenda kuswali na kula. Mimi nilishika zamu mpaka isha, nikiwauzia watu wa reli chumvi, tumbaku na kiberiti, na kununua ngozi kwa Wagogo waliofika mjini jioni, kila kitu nikikiandika daftarini.

Jambo likaanza kama mchezo. Alhamisi moja salio lilikuwa lisome rupia thelathini na tano, kashani zikawamo thelathini na mbili. Siku mbili baadaye zikazidi. Mara pungufu, mara ziada. Shemeji hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu akikutukana unamjibu. Akikutazama mikono unapofunga kasha, unamjibu nini?

Nilihesabu upya kila kitu. Nilipima chumvi mara mbili, nikasogeza kasha kutafuta sarafu za hela zilizoanguka, nikawa natoka mlangoni na kurudi bila sababu, vumbi la upepo wa Dodoma likinijaa machoni. Dada alinitania kwamba nitachimba shimo pale kizingitini.

Mwisho shemeji alisema.

"Shemeji, zikipungua, umechukua. Zikizidi, umeogopa ukarudisha. Mimi sioni njia nyingine."

"Naapa sijagusa hata hela moja."

"Basi mwezi ukiandama tugawane. Sitaki dada yako asikie maneno kati yetu."

Nilikasirika. Kugawana kulikuwa na maana ya mimi kuondoka na marobota mawili ya kaniki na jina la mwizi.

Alhamisi iliyofuata, shemeji akiwa ameshakwenda msikitini, dada aliniletea chakula dukani akachukua na udi wa kufukiza nyumbani. Nikashika kalamu, nikafunua nyuma ukurasa uliopigwa mstari, nikaandika huku natamka, kama nilivyozoea tangu shule ya serikali: "Alhamisi, udi, hela kumi."

"Alhamisi gani?" dada akauliza. "Huu udi wa kisomo cha usiku wa Ijumaa. Alhamisi imekwisha tangu jua lilipozama."

Niliiweka kalamu chini. Nilikuwa Mwislamu tangu kuzaliwa, na kila wiki nilikwenda kisomo cha usiku wa Ijumaa siku ya Alhamisi jioni. Ila daftari nililiona kitu cha shule, na shuleni siku ilianza kengele ilipolia asubuhi. Shemeji alipofungua ukurasa wa Ijumaa wakati wa magharibi, mimi nilidhani anajiandalia kesho. Nikarudi kuandika kwenye ukurasa wa Alhamisi, chini ya mstari, pale ambapo yeye hakutazama tena.

Shemeji aliporudi nilimkalisha chini. Tukachukua ile Alhamisi ya kwanza. Alianza na salio la thelathini na moja, akauza sita, akatumia mbili: thelathini na tano. Nikamfunulia Jumatano, chini ya mstari. Jioni ile niliuza vitu vya rupia moja, nikanunua ngozi za nne. Zile tatu zilizopungua zilikuwa pale, kwa mwandiko wangu. Siku ambazo fedha zilizidi tukazikuta vilevile: jioni ambazo watu wa reli walilipwa mshahara na mimi sikununua ngozi.

Alipitisha kidole kila ukurasa mpaka wa mwisho. Hakuna kilichobaki nje. Akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akanipiga begani, akasema kuanzia sasa nikiandika baada ya magharibi niandike ukurasa mpya, basi, mambo yamekwisha. Dada naye akacheka. Mimi nilitaka kucheka, lakini lile neno "umechukua" lilikuwa bado masikioni.

Kesho yake jua lilipozama, shemeji alivaa kofia yake, akanisukumia kasha bila kulifungua.

"Hesabu kwanza," nikamwambia.

"Ah, leo sina haja. Nakuamini, shemeji."

"Najua. Hesabu, nami nikiona."